Alama ya kutoa iliyokula dakika 34: daftari la makosa la mtahiniwa mmoja wa Hisabati

Mpwa wangu alikuja kukaa kwangu Morogoro mwezi wa tano, akiwa na begi la nguo, kauntabuku mbili na F ya Hisabati. Masomo mengine ya kidato cha nne alikuwa amefaulu vizuri tu. Ila chuo alichokitaka kilidai C ya Hisabati, kwa hiyo alikuwa ameshajiandikisha kurudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mtihani ulikuwa Novemba. Mimi nafundisha tuisheni jioni, na dada yangu aliona hakuna haja ya kumlipa mtu mwingine.

Kwa asiyeujua mtihani wenyewe: pepa ya Hisabati ya kidato cha nne ina saa tatu na maswali 14, yote ya lazima. Sehemu A ina maswali kumi ya alama sita sita, na sehemu B ina manne ya alama kumi kumi. Ukipata 30 una D, ukipata 45 una C. Yeye alihitaji 45.

Miezi miwili ya kwanza tulifanya kama wanavyofanya wengi. Alisoma mada, akafanya mazoezi, nikasahihisha, na kila alipokosa aliandika kosa kwenye daftari la makosa. Daftari hilo lilikuwa safi kupita kiasi. Kila mstari ulikuwa na mada, namba ya swali, na sababu. Kufikia mwisho wa Julai lilikuwa na kurasa kumi na moja, na mimi mwenyewe nikiliangalia sikuona kitu cha kushika. Makosa yalikuwa yametawanyika kila mahali kama mchele uliomwagika, na safu ya sababu ilirudia maneno yale yale matatu: "sikujua", "haraka", "sikuwa makini".

Jumamosi moja mwezi wa nane nikamkalisha mtihani wa kwanza wa saa. Meza ya kulia chakula, saa ya ukutani mbele yake, simu nimeichukua mimi, kuanzia saa 2 kamili asubuhi hadi saa 5 kamili. Sharti nililomuongezea lilikuwa moja tu: kila anapoanza swali aandike saa pembeni mwa karatasi. Aandike saa tu, bila kukokotoa dakika, maana kukokotoa nako kunakula muda.

Alipata 34.

Namshukuru Mungu kwamba sikumwambia matokeo mara moja, kwa sababu nilipokaa na ile karatasi usiku niliona kwamba namba 34 haikuwa na habari yoyote ndani yake. Habari ilikuwa kwenye alama 66 zilizopotea, na zile saa alizoandika pembeni. Sehemu A ilimchukua dakika 122. Swali la 11, la takwimu, dakika 24. Halafu akaruka la 12 akaenda la 13, la matriki, kwa sababu matriki anazipenda. Hapo alikaa dakika 34, kengele ikalia. Maswali ya 12 na 14 yalibaki meupe, alama 20 zimelala.

Ukifanya hesabu ya haraka, saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100. Swali la alama sita linastahili dakika kumi hivi, la alama kumi dakika 17, na hapo unabaki na kama dakika 12 za kupitia kazi. Yeye kwenye swali analolipenda alitumia muda wa maswali mawili. Tafsiri ya kawaida ya jambo hili ni "huyu binti ni mzito, aongeze kasi". Nilikaribia kabisa kumwambia hivyo.

Kabla sijamwambia, Jumapili mchana nikampa yale maswali mawili meupe, pamoja na lile la matriki, kwenye karatasi mpya. Safari hii hakukuwa na saa. Mtu akiacha swali jeupe, huwezi kujua kama hakulifikia au hakulijua. Bila saa, swali la 12 alipata alama sita kati ya kumi. La 14 alipata tatu, na hilo lilikuwa pengo la kweli, nitalirudia. Na lile la matriki lililomla dakika 34 Jumamosi? Alilimaliza lote, alama kumi kwa kumi. Nilikuwa nachungulia saa yangu kimyakimya: dakika 11.

Kwa hiyo hakuwa mzito. Kuna kitu kilitokea Jumamosi ambacho Jumapili hakikutokea. Tukaweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni.

Swali lilitaka atatue milinganyo hii miwili kwa njia ya matriki:

```
3x - 2y = 5
4x +  y = 14
```

Matriki ya namba za upande wa kushoto ina 3 na -2 juu, 4 na 1 chini. Hatua ya kwanza ni kutafuta determinanti: zidisha mshazari mmoja, toa zao la mshazari wa pili.

```
(3)(1) - (-2)(4) = 3 + 8 = 11
```

Jumapili aliandika hivyo hivyo. Jumamosi aliandika mstari mmoja mfupi: `3 - 8 = -5`. Ile alama ya kutoa ya kanuni na ile hasi ya -2 zilikutana, na moja ikapotea njiani. Kuanzia hapo kila kitu alichofanya kilikuwa sahihi. Aligeuza matriki vizuri, akazidisha vizuri, akapata 33 na 22 juu, kisha akagawa kwa -5. Ikatoka x = -6.6 na y = -4.4. Kama angegawa kwa 11 zingetoka 3 na 2.

Mtahiniwa yeyote aliyekaa na pepa za nyuma anajua kwamba -6.6 kwenye swali la namna hii inanuka. Naye alijua. Akarudisha majibu kwenye mlinganyo wa kwanza, akaona hayakubali, akafuta yote kwa mstari na kuanza upya kutoka juu. Akaandika tena `3 - 8`. Akapata tena -6.6. Akaanza mara ya tatu kwa njia nyingine, ya kuondoa herufi moja, ili ajihakikishie. Akapata 3 na 2. Akachanganyikiwa zaidi kwa sababu swali lilitaka matriki. Mara ya nne kengele ikamkuta.

Sasa tazama. Kwenye daftari lake la zamani jambo hili lingeandikwa mara mbili, kama mambo mawili yasiyojuana. Chini ya "matriki" lingekuwa kosa la kutokuwa makini, na kwenye suala la muda lingekuwa "niwe na kasi". Lakini ni kitu kimoja. Alama moja ya kutoa ilichukua alama sita za swali la 13, kisha ikachukua dakika za swali la 12 na la 14. Saa alizoandika pembeni ndizo zilizotuonyesha, kwa sababu karatasi ya majibu peke yake ingesema tu kwamba amekosa matriki.

Tulichofanya jioni ile ni kuchukua makosa yote ya mtihani na kuyapanga upya. Mbali na maswali mawili meupe, alikuwa amepoteza alama 46 kwenye sehemu 18 tofauti. Kwanza tuliyapanga kwa mada, kama alivyozoea: yale makosa 18 yakaangukia mada 11, na hakuna mada iliyozidi makosa matatu. Ukisoma orodha hiyo unapata ushauri mmoja tu, nao ni kusoma upya kitabu chote. Kwa miezi mitatu iliyobaki huo si ushauri.

Kisha nikampiga marufuku kuandika "sikuwa makini" na "haraka". Alikuwa ameyatumia mara 11 katika makosa 18. Nikamwambia, "Kwenye safu ya sababu andika mkono wako ulifanya nini. Jifanye umemrekodi mtu kwa kamera, unaeleza unachokiona."

"Anko, mkono uliandika jibu baya."

"Mstari upi? Ulikuwa unatoka wapi kwenda wapi?"

Ilichukua muda, akanuna kidogo, lakini tukaenda kosa moja moja. Swali la nne lilimpa pointi mbili, A(-2, 5) na B(4, -3), atafute mteremko wa mstari. Kanuni inasema tofauti ya y igawanywe kwa tofauti ya x. Juu alipata -3 - 5 = -8, sawa. Chini ilikuwa 4 - (-2), yaani 6. Yeye aliandika 4 - 2 = 2. Mteremko ukatoka -4 badala ya -4/3, na kilichofuata chote kikaharibika. Hili lilikuwa kosa la hatari zaidi kuliko la matriki, maana -4 ni namba nzuri isiyonuka, na hakushtuka hata kidogo.

Kwenye takwimu alitafuta wastani kwa njia ya wastani wa kukisia. Alikisia 52, jumla ya mikengeuko ikatoka -5 kwa watu 30. Wastani ni 52 + (-5/30), yaani 51.83. Aliandika 52.17. Kwenye aljebra alifungua 3(x + 2) - 2(x - 4) akapata 3x + 6 - 2x - 8, wakati mwisho palitakiwa + 8.

Tulipomaliza, makosa 18 yalikuwa yamejigawa katika mafungu manne. Saba yalikuwa ya namna moja: alama ya kutoa inakutana na namba hasi au mabano, na hasi moja inapotea. Saba hayo yalikula alama 19. Manne yalikuwa ya kutojua njia kabisa, alama 14. Manne yalikuwa ya kutomaliza jibu, kama kusahau vizio au kukadiria vibaya, alama saba. Matatu yalikuwa ya kunakili swali vibaya, alama sita.

Yale saba yalitoka kwenye mada saba tofauti. Ndiyo maana daftari la mada lisingeyaona hata mwaka mzima: kila mada ilikuwa na lake moja, linaonekana kama bahati mbaya.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu ni rahisi kuona muundo pale ambapo haupo. Makosa saba ni mengi au machache? Inategemea alikutana na hali hiyo mara ngapi. Nikapitia karatasi yake nzima na kalamu ya kijani, nikazungushia kila mahali ambapo alama ya kutoa ilikutana na hasi au mabano, alipopata na alipokosa. Zilikuwa sehemu 16. Alikosa saba. Karibu nusu. Mtu anayekosa mara saba katika mara mia ana ajali. Anayekosa saba katika 16 ana tabia.

Tabia ya nini sasa? Kanuni aliijua, ungemwamsha usiku wa manane angekwambia hasi mara hasi ni chanya. Nikamtungia vipande 20 vidogo vya mstari mmoja mmoja, vya aina hiyo hiyo, akavifanya bila saa: alikosa kimoja. Siku iliyofuata vingine 20, kwa dakika nane: alikosa sita. Hapo nikaelewa kwa nini daftari lake la miezi miwili halikuwa na kosa hili. Mazoezi ya nyumbani aliyafanya huku anakunywa chai, hana anayemkimbiza. Kosa hili linaishi ndani ya saa tu, na anayekusanya makosa bila saa hawezi kulikamata.

Tukatafuta linaingilia wapi. Katika yale saba, sita yalikuwa kwenye mistari ambayo aliruka hatua mbili kwa pamoja. Alikuwa anaweka namba kwenye kanuni kichwani na kuandika matokeo, ili kuokoa muda. Kwenye lile la matriki hakuwahi kuandika `(-2)(4)` popote; alitoka kwenye matriki moja kwa moja hadi `3 - 8`. Ile hasi haikupotea kwenye karatasi kwa sababu haikuwahi kufika kwenye karatasi.

Dawa ikawa ndogo mno, kiasi kwamba mwanzoni aliidharau. Kila namba hasi inaingia kwenye kanuni ikiwa ndani ya mabano, na mstari huo wa kuweka namba unaandikwa kamili kabla ya kukokotoa chochote. Kanuni, mstari wa mabano, kisha jibu. Alilalamika kwamba itampunguzia kasi. Tukapima: mstari wa ziada ulimchukua kama sekunde 15. Sehemu 16 mara sekunde 15 ni dakika nne. Aliyepoteza dakika 34 kwenye swali moja anaweza kulipa nne.

Na kwa yale majibu yanayonuka tukaweka utaratibu wa pili: jibu likiwa baya, marufuku kuanza upya. Unarudi juu na kalamu, unagusa kila mahali penye alama ya kutoa, kwa dakika moja. Ukipata kosa, rekebisha kuanzia hapo. Usipopata, acha nafasi na uende swali linalofuata. Kuanza upya kulimdhuru kwa sababu mkono unaoanza upya unafuata njia ile ile. Aliandika `3 - 8` mara mbili, na angeandika mara kumi.

Ukurasa wa daftari ukabadilika. Mfano wa mstari mmoja, kama alivyouandika mwenyewe:

Jaribio la 1, swali la 13. Niliandika 3 - 8. Ilitakiwa 3 - (-8). Mkono: niliruka mstari wa kuweka namba. Alama: 6. Dakika zilizopotea: 23. Kurudia: tarehe tatu zijazo.

Dakika 23 ni 34 kutoa 11 za Jumapili. Ndivyo tulivyofanya kwa kila swali lililozidi muda wake: kulirudia bila presha, kisha kutoa. Si kipimo cha maabara, kwani mara ya pili swali limeshazoeleka, lakini kinatosha kuonyesha swali lipi lilimeza muda na kwa nini. Safu ya dakika ndiyo ninayoiona muhimu kuliko zote, na ndiyo inayokosekana kwenye madaftari mengi ya makosa niliyowahi kuonyeshwa na wanafunzi.

Kila jioni alifanya vipande kumi kwa dakika nne, vya kila mada niliyoweza kukumbuka. Mfululizo wenye tofauti hasi, vekta ya kutoka A kwenda B, mabano ya aljebra, determinanti. Nilivichanganya makusudi, maana kosa lake halikujali mada.

Jaribio la pili lilifuata baada ya wiki tatu, naye akapata 41. Nilifurahi kwa nusu saa. Kisha nikagundua nimeharibu mwenyewe: pepa niliyompa ilikuwa na maswali matatu aliyowahi kuyafanya shuleni, na aliyakumbuka hadi majibu. Upungufu wa pepa ni tatizo la kweli. Baraza la Mitihani linaweka pepa za nyuma wazi mtandaoni, ila za zamani zilikuwa na maswali 16, na sehemu B ulichagua manne kati ya sita. Ukimpima mtu kwa pepa hizo unampa nafasi ya kukimbia mada anayoiogopa, nafasi ambayo mtihani wa sasa haumpi. Kwa hiyo pepa za muundo wa sasa ni chache, na ukizitumia kwa mazoezi ya kawaida huna tena za kupimia. Baada ya pale nilifungia mbili kabatini, na za zamani nikazikata maswali na kuzitumia kwa mazoezi tu.

Jambo la maana kwenye jaribio la pili ni kwamba kosa la hasi lilikuwa bado lipo: mara tano katika sehemu 15. Kupungua kutoka saba hadi tano si kitu. Lakini nilipoangalia yalipotokea, yote matano yalikuwa kuanzia swali la tisa kwenda mbele. Mwanzoni mwa karatasi mabano yapo, mazuri, makubwa. Kadiri saa inavyokwenda yanapungua, na kufikia sehemu B hayapo kabisa. Dawa ilikuwa inafanya kazi pale tu alipokumbuka kuinywa. Tukahamisha mazoezi ya jioni: badala ya kuyafanya akiwa na nguvu, akawa anafanya kwanza swali zima refu la alama kumi, ndipo vipande kumi vinafuata, akiwa amechoka.

Jaribio la tatu, mwishoni mwa Septemba: 49. Kosa la hasi mara mbili katika sehemu 17. Hakuna swali jeupe. Dada yangu alipigiwa simu.

Lakini fungu la kunakili swali vibaya lilikuwa limepanda kutoka matatu hadi sita. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kazi yote ni safi, hatua zote zinafuatana, jibu ni sahihi kabisa, kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Swali lina 2.4, yeye ana 4.2. Swali lina mita 35, yeye ana 53. Nikajisemea kwamba amekimbia mno, nikaanza kutunga mazoezi ya kunakili, mpaka nilipomuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mapema: "Ulikuwa unasomea wapi?"

"Kwenye simu, anko. Si ulinitumia pepa kwenye simu?"

Kweli. Mara ya kwanza na ya pili nilikuwa nimechapisha. Mara ya tatu umeme ulikatika, steshenari imefungwa, nikamrudishia simu yake iwe karatasi ya maswali. Alikuwa anakuza, anasogeza, anarudi kwenye karatasi, kioo kinazima, anakiwasha. Kati ya makosa sita, manne yalikuwa kwenye maswali yenye jedwali au mchoro usioenea kwenye kioo. Kosa lilikuwa langu. Nikachapisha pepa iliyobaki kabla ya wakati, na kwenye jaribio la nne makosa ya kunakili yakawa mawili. Kama tungeandika "haraka" kwenye safu ya sababu, angefanya mazoezi ya kunakili mwezi mzima kutibu simu.

Jaribio la nne alipata 58.

Kuna ambacho daftari halikukigusa, na nilikijua tangu ile Jumapili ya kwanza. Linia programing, yale maswali ya fundi anayetengeneza meza na viti na faida ya kila kimoja, hakuyaweza mwanzo na hakuyaweza vizuri mwisho. Tatizo lake pale lilikuwa kuitoa habari ya Kiingereza na kuigeuza kuwa alama za "isizidi" na "isipungue". Akiona "at least" anaandika alama ya kinyume. Unaweza kuliandika kosa hilo mara ishirini kwenye daftari na lisisogee, kwa sababu mkono haukosei. Mkono unafuata alichoelewa. Hilo lilihitaji kufundishwa, na tulilifundisha wiki mbili za Oktoba, sentensi moja moja. Akapanda kutoka tatu hadi tano au sita kwa kumi. Kilichomsaidia zaidi hapo ni ripoti za Baraza za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye picha za kazi za watahiniwa halisi, nzuri na mbaya. Aliona watu wengine wamegeuza alama ile ile, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Jambo lingine ni usahihishaji. Mtihani huu unatoa alama za hatua. Wiki za mwanzo baadhi ya mazoezi alikuwa akijisahihisha mwenyewe kwa kuangalia jibu la mwisho tu, akikosa anajipa sifuri. Daftari likawa linaonyesha kwamba kosa dogo la mwisho lina uzito sawa na kutojua kabisa, na hivyo likampeleka kusoma upya vitu anavyovijua. Kosa la mstari wa kwanza na kosa la mstari wa mwisho yanaweza kuwa ya aina moja na yakatofautiana alama nne. Kama huna mtu wa kukusahihishia, angalau weka alama pale ambapo mstari wa kwanza mbaya ulipoanzia, na uhesabu ulivyopata kabla ya hapo.

Matokeo yalipotoka Januari alikuwa na C. Kauntabuku ilibaki kwangu ikiwa nusu tupu, na mdogo wake wa kidato cha tatu akaichukua likizo iliyofuata. Alianza kwa kunakili mafungu manne ya dada yake kwenye jalada la ndani, hasi likiwa la kwanza, akafanya vipande vya mabano wiki nzima kabla hata hajakaa mtihani mmoja wa saa. Alipoukaa, fungu la hasi lilitoka tupu kabisa. Mtoto hakosei hasi. Tukachana ule ukurasa tukaanza na makosa yake. Mstari wake wa kwanza, kwenye safu ya mkono, unasema: "Nilipata nusukipenyo nikapiga mstari chini, wao walitaka eneo." Wa pili unasema kitu kile kile kuhusu umri wa baba.